Dawa Iliyobaki Mpirani

Saa nne kasorobo usiku, wodi ya watoto. Mama mmoja ameketi ukingoni mwa kitanda, mwanawe wa miezi minane amelala mapajani, shingo imekakamaa na macho yamelegea. Daktari wa zamu ameshachukua maji ya uti wa mgongo, yametoka na ukungu badala ya kuwa meupe kama maji ya kunywa. Kwenye karatasi ya dawa ameandika: seftriaksoni miligramu 740, mshipani, mara moja kwa siku, ianze sasa. Kisha ameitwa wodi ya wazazi. Aliyebaki na hiyo karatasi ni muuguzi, na mbele yake kuna kiboksi chenye kichupa cha unga mweupe wa gramu moja na ampuli ya maji ya mililita 10.

Nimekuwa muuguzi wa watoto kwa miaka mingi, na ninaweza kusema kazi ngumu usiku huo si ile ya daktari kuchagua dawa. Ni safari ya zile miligramu 740 kutoka kwenye kichupa hadi kwenye damu ya mtoto. Njiani kuna mahali pengi pa kupotea, na pale inapopotea nyingi kuliko kote, hata mimi sikupajua mpaka nilipoonyeshwa.

Tuanze na hiyo 740 yenyewe. Mtoto alipimwa akiwa uchi na mizani ikasoma kilo 7.4. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hospitali za wilaya unasema homa ya uti wa mgongo hutibiwa kwa seftriaksoni miligramu 100 kwa kila kilo mara moja kwa siku, au miligramu 50 kwa kila kilo kila baada ya saa 12. Daktari amechagua ile ya mara moja. Saba nukta nne mara mia, jibu ni 740. Hesabu ya darasa la tano, lakini angalia ile nukta. Kalamu ikififia, 7.4 inageuka 74, na karatasi inadai gramu saba na ushee. Huhitaji kikokotoo kulitambua kosa hilo, kwa sababu ungejikuta unafungua vichupa vinane kwa mtoto mmoja anayenyonya. Kwa kipimo hiki, mtoto wa chini ya kilo 10 hawezi kumaliza kichupa kimoja cha gramu moja. Ukiona mkono wako unakwenda kuchukua cha pili, rudi kwenye mizani.

Sasa kichupa. Unga ule nao unachukua nafasi yake. Ukimimina maji mililita 10 juu ya gramu moja ya seftriaksoni, hupati mililita 10 za dawa, unapata 10 na kitu. Ndiyo maana karatasi ya watengenezaji huagiza maji mililita 9.6, ili unga ukishayeyuka ujazo ufike 10 kamili na kila mililita ibebe miligramu 100. Kiasi hicho hutofautiana kidogo kwa kila aina ya kichupa, kwa hiyo karatasi iliyomo ndani ya kiboksi ndiyo ya kufuatwa. Lakini kiboksi kinakuja na ampuli ya 10, mkono umezoea, usiku ni mrefu. Wengi humimina yote. Niseme kweli, kwa dawa hii hasara ni ndogo. Ukivuta mililita 7.4 kutoka kwenye mchanganyiko huo uliozidi maji, unakosa kama miligramu 28 kati ya 740, na hakuna mtoto atakayeshindwa kupona kwa hizo.

Pale maji yanapokuwa machache ndipo mambo hubadilika. Chukua ampisilini ya miligramu 500, ambayo mwongozo unataka iyeyushwe kwa maji mililita 2.1 ili ifike 2.5. Muuguzi anayeweka 2.5 za maji kwa kuwa "ndiyo iliyoandikwa" anajikuta na mililita 2.9. Mtoto wetu huyu angehitaji miligramu 370 za ampisilini, yaani mililita 1.85, na katika kichupa hicho kilichozidi maji angepata 319 tu. Hapo ni sehemu moja kati ya saba iliyopotea, kila baada ya saa sita, siku nzima. Unga ni uleule na kosa ni lilelile, ila hasara si sawa.

Turudi kwenye seftriaksoni. Ikishakuwa miligramu 100 kwa kila mililita, inatoa zawadi ndogo: kwa kipimo cha miligramu 100 kwa kilo, idadi ya mililita inakuwa sawasawa na idadi ya kilo. Kilo 7.4, mililita 7.4. Napenda hesabu hii kwa sababu inajikagua yenyewe; ukiona bomba la sindano limejaa mililita 4.7 unajua kuna tarakimu zimepishana. Naichukia vilevile, kwa sababu inakuwa wimbo. Kesho yake daktari mwingine anaandika miligramu 50 kwa kilo kila baada ya saa 12, na mkono uliozoea wimbo unavuta 7.4 tena.

Kabla ya kuchanganya, mtazame mtoto kwenye dripu. Watoto wengi wanaofika usiku wamekwisha kuning'iniziwa Ringa huko mapokezi, kwa kuwa walikuja wamekauka maji. Ringa ina kalsiamu ndani yake. Seftriaksoni ikikutana na kalsiamu hugandana na kufanya chembechembe nyeupe, na chembechembe hizo haziyeyuki tena. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vichanga kufariki na chembe za namna hiyo kukutwa kwenye mapafu na figo zao. Tangu hapo ni marufuku kabisa kumpa mtoto wa siku 28 au chini yake seftriaksoni pamoja na maji yoyote ya mshipani yenye kalsiamu, hata kwa kupishanisha. Mtoto wa miezi minane anaweza kupata vyote viwili kwa zamu, mradi mpira usafishwe kwa maji ya chumvi katikati. Kwa hiyo Ringa inafungwa, bureti inamwagwa, na mpira unapitishwa maji ya chumvi. Ukiona mpira umeingia maziwa wakati dawa inapita, usijaribu kuisukuma. Funga, ng'oa mpira wote, anza upya.

Bureti kwa asiyeijua ni kile chumba cha plastiki kinachoning'inia chini ya chupa ya dripu, kina mistari ya mililita, na hushika mililita 100 au 150. Kazi yake ni kumlinda mtoto asimezwe na chupa nzima ya mililita 500 mama akisinzia na muuguzi akiitwa kitanda kingine. Humo ndimo tunamochanganyia.

Tunachanganya kiasi gani? Mililita 7.4 za dawa nzito hivyo haziingizwi mshipani jinsi zilivyo. Kwa kumimina kama dripu, watengenezaji wanataka nguvu ya dawa iwe kati ya miligramu 10 na 40 kwa kila mililita. Ukigawa 740 kwa 40 unapata mililita 18.5, huo ndio ujazo wa chini kabisa. Ukigawa kwa 10 unapata 74, ambao ni maji mengi bila sababu kwa ubongo uliovimba. Katikati hapo unachagua namba inayokurahisishia maisha. Mimi huchagua 30, na sababu yake inakuja.

Funga kwanza kigurudumu cha chini, kile kinachodhibiti matone. Wapo wanaosahau, na dawa nzito inashuka mpirani kabla haijachanganyika. Fungulia chupa ya maji ya chumvi, jaza bureti hadi mstari wa 20, funga juu. Safisha kizibo cha bureti kwa spiriti, subiri kikauke, ingiza zile 7.4. Ongeza maji ya chumvi taratibu hadi mstari wa 30, kisha tikisa bureti kidogo kwa vidole. Huna haja ya kukokotoa kwamba maji ni mililita 22.6, mstari wa 30 umekufanyia hesabu hiyo. Sasa una miligramu 740 ndani ya mililita 30, kama 25 kwa kila mililita, na uko salama katikati ya mipaka.

Muda ni kati ya nusu saa na saa nzima. Kipimo kikubwa kiasi hiki hakisukumwi kwa sindano kwa dakika mbili tatu, kwani kinauchoma mshipa mdogo, na watoto hawana mishipa ya kuchezea. Vichanga hupewa dakika 60 kamili, kwa sababu kwao dawa hii hugombania nafasi na manjano ndani ya damu, na manjano yaliyofukuzwa huweza kwenda kwenye ubongo. Kwa huyu wetu nusu saa inatosha. Mililita 30 kwa dakika 30 ni mililita moja kwa dakika.

Hapa ndipo ile 30 inapolipa. Seti ya bureti ya watoto hutoa matone 60 kwa kila mililita. Mililita moja kwa dakika ni matone 60 kwa dakika, tone moja kwa kila sekunde. Unasimama na saa yako, unasogeza kigurudumu mpaka tone na sekunde viende pamoja, basi. Hakuna kugawa kitu.

Lakini hakikisha ni seti ya watoto kweli. Bohari ikiishiwa, huletwa seti ya watu wazima, ambayo nyingi hutoa matone 20 kwa mililita, na kwa macho ya usiku zinafanana. Idadi imeandikwa kwenye pakiti, ila pakiti huwa imeshatupwa. Tazama ndani ya kile chumba kidogo cha matone: seti ya watoto ina kijisindano chembamba cha chuma ambacho tone linatokea, ya watu wazima haina. Ukihesabu tone kwa sekunde kwenye seti ya matone 20, unamwaga mililita tatu kwa dakika na dawa yote inakwisha ndani ya dakika 10. Kwenye seti hiyo ulipaswa kuhesabu matone 20 kwa dakika, tone moja kila sekunde tatu.

Na hata ukihesabu vizuri, usiyaamini matone. Mtoto akikunja kiwiko, yanapungua. Mama akimnyanyua kumnyonyesha, yanabadilika tena. Kinachoaminika ni mistari ya bureti. Ukiondoka saa nne kamili ikiwa kwenye 30, ukirudi saa nne na dakika kumi inatakiwa kusoma 20. Ikisoma 27, kuna kitu kimeubana mpira au kanula imetoka mshipani. Ushike mkono wa mtoto, ulinganishe na mwingine. Ikisoma 8, kigurudumu kimelegea. Kutazama huku huchukua sekunde tano, na ukiwa na watoto sita wa dawa za saa nne, sekunde tano ndizo ulizo nazo.

Nije sasa kwenye kile nilichofichwa na macho yangu mwenyewe.

Nilikuwa nina miezi michache kazini, katika hospitali ambayo siitaji. Nilifanya kila kitu kama nilivyoeleza hapo juu. Bureti ilipokauka nusu saa baadaye nilifunga kigurudumu, nikachomoa mpira kwenye kanula, nikaifunga kanula kwa kifuniko chake, nikaandika "imetolewa" na kutia sahihi. Mpira niliuacha unaning'inia kwa ajili ya kesho. Asubuhi muuguzi mkuu wa wodi, mama mtu mzima ambaye sote tulimwamkia shikamoo kabla ya kufika mlangoni, aliusimamia ule mpira akautazama.

"Mwanangu, dawa ulimpa mtoto?"

"Nilimpa mama, yote. Bureti ilikwisha."

Hakunigombeza. Alichukua kibakuli cha chuma, akaelekeza ncha ya mpira humo, akafungua kigurudumu na kizibo cha hewa. Maji yakashuka. Akayavuta kwa bomba la sindano, akanisomea: mililita 15.

Fikiria maana yake. Mpira wa dripu ni mrefu kuliko kitanda, na una tumbo. Kabla ya kuweka dawa nilikuwa nimeujaza maji ya chumvi ili kutoa hewa, kama inavyotakiwa. Dawa iliyoanza kushuka kutoka kwenye bureti ilikuwa inayasukuma kwanza yale maji ya chumvi. Kwa dakika 15 za mwanzo mtoto alikuwa anapokea chumvi tupu. Dawa ilianza kumfikia robo saa baadaye, na bureti ilipokauka ilikuwa imemfikia nusu tu. Mililita 15 zilizobaki mpirani ndizo zile zilizolala kibakulini, na ndani yake kulikuwa na nusu ya kipimo. Kwa mtoto wetu wa kilo 7.4 hiyo ni miligramu 370 zilizong'inia hewani hadi asubuhi, huku karatasi ikisema amepata 740. Na daktari akija akamkuta bado ana homa, angeandika kwamba vijidudu vinaikaidi dawa, angebadilisha na kuweka kali zaidi.

Kadiri unavyochanganya kwenye maji machache ndivyo hasara inavyokuwa kubwa. Aliyechanganya kwenye mililita 20 akachomoa mpira wa namna ile angempa mtoto robo tu. Kwa mtu mzima ambaye dawa yake iko kwenye mililita 500, zile 15 ni kama tone la umande, na labda ndiyo sababu chuoni hakuna aliyetusisitizia. Tatizo hili ni la watoto wadogo.

Dawa ya tatizo ni chumvi. Bureti ikikauka usichomoe. Weka maji ya chumvi mililita 20 na uyaache yashuke kwa mwendo uleule wa tone kwa sekunde. Usifungulie yakimbie ukidhani ni maji tu, kwa sababu yanachosukuma mbele yake ni dawa yenyewe. Kama mtoto ana dripu ya kuendelea isiyo na kalsiamu, iache iendelee nyuma ya dawa, nayo itaisukuma. Na zile mililita 50 kwa jumla uziandike kwenye maji ya siku. Mtoto wa kilo 7.4 kwa kawaida huhitaji kama mililita 740 kwa siku, kwa hiyo 50 si kitu cha kupuuza, hasa ukimpa dawa tatu za namna hii.

Ukitaka kujua mpira wako unameza kiasi gani, usikubali 15 yangu. Jaza bureti hadi 50 kabla ya kutoa hewa, ujaze mpira, kisha soma mstari. Kilichopungua ndicho kilichomo mpirani. Mpira wa kampuni nyingine unaweza kumeza 12 au 18.

Ikiwa hakuna bureti kabisa, na siku hizo zipo, wapo wanaomwaga chupa ya mililita 500 hadi ibaki kidogo chini kisha wakaingiza dawa humo. Siipendi njia hiyo: mistari ya chupa chini huko ni ya kubahatisha, na mpira bado unameza. Afadhali msuli. Mwongozo unaruhusu seftriaksoni ya kuchomwa ndani ya msuli wa paja kwa kipimo kilekile. Unayeyusha kwa maji machache zaidi, miligramu 250 kwa kila mililita, unapata mililita tatu hivi, na unagawa paja la kulia na la kushoto. Inauma. Kwa maumivu hayo kuna vichupa vinavyokuja na ampuli ya lignokeini ya kuyeyushia, na hiyo ampuli ni ya msuli tu. Isiingie mshipani kamwe. Moyo wa mtoto hautaivumilia. Ndiyo maana ampuli ya kuyeyushia nasoma jina lake kila mara, hata kama nimeitoa kwenye kiboksi nilichokifungua mwenyewe.

Kilichobaki kichupani, zile mililita mbili na nusu, hutupwa. Najua kitanda cha pili kuna mtoto wa kilo mbili na nusu, na najua bohari ina vichupa vingapi. Lakini kichupa hakina dawa ya kuzuia vijidudu, na huyo wa kilo mbili na nusu ni kichanga, ana sheria zake.

Saa nne kamili usiku matone yanaanza. Namwambia mama: "Mama, hiki chumba kikikauka usifunge chochote, niite." Anauliza kama itakuwa imekwisha. Namwambia bado, iliyobaki iko kwenye huu mpira, bado inakuja kwake. Anaufuata mpira kwa kidole kutoka bureti hadi mkono wa mwanawe, polepole, kama mtu anayepima kitambaa.

Saa nne na nusu ananiita. Bureti imekauka. Naweka chumvi hadi mstari wa 20, naangalia tone na sekunde, nakwenda kitanda cha sita. Saa tano kasoro dakika kumi nafunga, na kwenye karatasi naandika muda wa kuanza 22:00 na wa kumaliza 22:50.